Msifute -ka- Yangu kwa Wino Mwekundu

Sentensi iliyoniletea ugomvi huu ni hii:

"Jana niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikachota maji, nikanywa chai, nikatoka nyumbani mvua ikanyesha, nikapanda bodaboda hadi Konyo Konyo, nikamtafuta shangazi nisimwone, nikarudi."

Swali la jaribio lilitaka sentensi moja yenye vitendo visivyopungua vitano vinavyofuatana. Mimi nilitoa saba vya kwangu mwenyewe, ukiacha mvua. Karatasi iliporudi, wino mwekundu ulikuwa umepita mahali patatu. "Nikanywa" ilikatwa, juu yake pakaandikwa "nikakunywa". "Nisimwone" ilikatwa, pakaandikwa "sikumwona – usichanganye nyakati". Pembeni ya sentensi nzima paliandikwa: "-ka- nyingi mno, rudia -li-." Chini yake kulikuwa na sehemu ya pili, tuliyotakiwa kumwagiza mtu jambo, nami niliandika: "Ukifika Konyo Konyo ukamkuta shangazi, mwambie nilimtafuta." Hiyo ilipigwa mstari wote, na maelezo yake yalikuwa mafupi: "-ka- ni wakati uliopita."

Nilipata alama nne kati ya kumi. Sikulilia alama. Nilikwenda kwa msahihishaji, nikamwamkia, naye akaitikia vizuri kabisa, kwa maana si mtu mbaya.

"Mwalimu, naomba kuuliza kuhusu -ka-."

"Umesoma muhtasari?"

"Nimeusoma, mwalimu."

"Basi jibu lako limo humo, mwanangu."

Muhtasari anaousema ni ukurasa mmoja wa fotokopi unaopita mkono kwa mkono tangu kabla sijaingia chuoni. Una mistari mitatu juu ya -ka-: kwamba ni kiambishi cha wakati uliopita, kwamba lazima kitanguliwe na -li-, na kwamba kila sentensi mpya irudi kwenye -li-. Nasema mapema kwamba mistari yote mitatu ni mibovu. Si kwamba haina ukweli wowote ndani yake. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza inamfaa, kama fimbo inavyomfaa anayejifunza kutembea. Ubaya unaanza pale fimbo hiyo inapotumiwa kumchapa anayekwishatembea.

Nianze na ule mdogo, wa "nikakunywa", kwa sababu ndio rahisi kuumaliza, na ndio unaoonyesha jinsi mtu anavyoweza kusahihisha kwa kufananisha badala ya kusikiliza. Tunasema "nilikunywa", "ninakunywa", "nitakunywa", "nimekunywa". Msahihishaji akaona -ku- katika zote nne, akadhani ni mali ya kitenzi popote kiendapo. Lakini -ku- hiyo ina kazi moja tu. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na vitenzi vya silabi moja kama -nywa, -la, -ja na -fa havina silabi ya kuubeba. Viambishi -li-, -na-, -ta- na -me- navyo haviubebi. Kwa hiyo -ku- huingia katikati kuubeba: nili-KU-nywa. Anapopatikana mbebaji mwingine, -ku- huondoka. Weka kiambishi cha yambwa uone: hatusemi "nilikuinywa chai", tunasema "niliinywa", kwa sababu -i- imeshika mzigo. Sasa -ka- ni miongoni mwa viambishi vinavyoubeba mkazo vyenyewe, sawa na -ki-. Ndiyo maana tunasema "akija", si "akikuja", na ndiyo maana tunasema "akaja, akala, akanywa, akalala". Sema kwa sauti "nikanywa" usikie sauti inavyosimama juu ya -ka-. "Nikakunywa" utaisikia mitaani, Juba na kwingineko, na anayeisema anaeleweka. Lakini kumkata mtu aliyeandika sanifu ili kumpa isiyo sanifu, hilo ni jambo jingine. Kwa -enda kuna uhuru kidogo: "nikaenda" na "nikenda" zote zimo, ila "nikakwenda" haimo.

Nimelimaliza hilo. Kubwa ni lile la wakati.

Muhtasari unasema -ka- ni wakati uliopita. Mimi nasema -ka- haina wakati wowote wa kwake. Ni kama behewa lisilo na injini: linakwenda linakovutwa. Likifungwa nyuma ya -li-, linakwenda zamani, na kwa kuwa masimulizi mengi ni ya zamani, tumezoea kuliona huko. Lakini lifunge nyuma ya kitu kingine uone. Kila mtu chuoni, pamoja na msahihishaji wangu, akitazama mawingu juu ya Jebel Kujur husema "huenda mvua ikanyesha kesho". Ikanyesha, kesho. Kama -ka- ni ya wakati uliopita, mvua ya kesho imeingiaje humo? Mama akimwona mtoto juu ya mwembe humwambia "angalia usije ukaanguka", na mtoto hajaanguka bado, ndiyo maana anaonywa. Mtu akijuta husema "ungekuja ukaniambia, ningekusaidia", na huko kuja na kuambia hakukutokea kamwe. Katika sentensi hizo zote -ka- imeazima wakati na hali ya kitenzi kilichotangulia: uwezekano, onyo, jambo ambalo halikuwa.

Na hapo ndipo ilipo sentensi yangu iliyopigwa mstari wote. "Ukifika Konyo Konyo ukamkuta shangazi, mwambie." Kitenzi cha kwanza ni "ukifika", chenye -ki- ya sharti. "Ukamkuta" kimefungwa nyuma yake, kwa hiyo nacho ni sharti, tena ni sharti la pili linalotegemea la kwanza: kwanza ufike, kisha, baada ya kufika, umkute. Ningeandika "ukifika Konyo Konyo na ukimkuta shangazi", nisingekosea, lakini masharti mawili yangekuwa yamesimama bega kwa bega, bila kusema lipi linazaa lipi. Kwa -ka- nimesema zaidi, tena kwa herufi chache. Sijui mzungumzaji yeyote wa Kiswahili, awe wa Unguja au wa Kakuma, ambaye angesikia sentensi ile akadhani ninazungumzia jana.

Kuna mpaka, na ni haki niuseme, maana wenzangu wakishasikia kwamba -ka- si ya zamani tu wataanza kuimwaga kila mahali. Nyuma ya -ta- mnyororo wa -ka- kwa kawaida haukubali. "Kesho nitaamka nikachota maji nikanywa chai" hukwama sikioni. Mipango ya kesho tunaifuatanisha kwa njia nyingine: "nitaamka nichote maji, ninywe chai", au "nitaamka, nitachota maji", au "nitaamka na kuchota maji". Kwa hiyo sisemi -ka- huenda popote. Ninachosema ni kwamba orodha ya mahali inapokwenda ni ndefu kuliko mstari mmoja wa fotokopi, na msahihishaji anapaswa kutazama kwanza kitenzi kilichotangulia kabla hajainua kalamu.

Tena kuna -ka- mbili nyingine zinazofanana na hii kwa sura, na wanaozichanganya si wanafunzi peke yao. Moja ni ya "nenda kanunue", au "nilikwenda sokoni nikanunue ndizi". Linganisha na "nilikwenda sokoni nikanunua ndizi". Tofauti ni irabu moja ya mwisho. Ya -a inasema ndizi zimenunuliwa. Ya -e inasema nilikuwa na nia ya kuzinunua, na hujui bado kama nilizipata. Anayesahihisha haraka huiona -ka-, akaridhika, asiitazame irabu. Nyingine ni "shangazi kafika", ambayo ni njia ya mkato ya kusema "shangazi amefika" na haina uhusiano wowote na mfuatano. Nimewahi kuona "kafika" ikisahihishwa kuwa "akafika" mwanzo kabisa wa insha, pasipo tukio lolote la kuitangulia. Msomaji anabaki anajiuliza: alifanya nini kwanza, hata akafika?

Sasa niende kwenye "-ka- nyingi mno, rudia -li-", kwa sababu hapa si suala la kanuni tu. Hapa maana yenyewe hupotea.

Chukua tukio ambalo kila msafiri wa barabara ya Juba hadi Nimule amewahi kusikia mfano wake. Pikipiki na lori vimegongana, na watu wamekusanyika kubishana. Shahidi mmoja anasema: "Bodaboda ilisimama, lori likaigonga." Mwingine anasema: "Lori liliigonga bodaboda, ikasimama." Wa tatu anasema: "Bodaboda ilisimama, lori liliigonga." Wawili wa kwanza wanapingana, na kila mmoja amejifunga kwa neno lake. Kwa yule wa kwanza, pikipiki ilikuwa imekwisha simama kabla ya lori kufika. Kwa wa pili, ilisimama kwa sababu ya kugongwa. Wa tatu hajajifunga kwa lolote. Ametaja mambo mawili yaliyotokea, na mwenye kumtetea dereva wa lori anaweza kumwambia: hujasema lipi lilitangulia. Vitenzi ni vile vile katika kauli zote tatu. Kilichobadilika ni nani amebeba -ka-.

-li- ikifuatana na -li- huorodhesha. -ka- hupanga. "Jana nilifua, nilipika, nilisoma" ni sentensi nzuri kabisa, ikiwa ninachotaka ujue ni kwamba sikukaa bure, na mpangilio wake si kitu. Unaweza kuibadili ukaweka kusoma mwanzo, na hakuna uongo utakaoingia. "Nilifua, nikapika, nikasoma" huwezi kuibadili bila kubadili siku yangu. Mara nyingi -ka- huongeza hata sababu: "alikunywa maji ya mtoni akaumwa" haisemi tu kwamba ugonjwa ulikuja baadaye, inanong'ona kwamba maji ndiyo yaliyouleta. Kwa hiyo msahihishaji anaponiambia nirudie -li- ili nipunguze -ka-, ananiambia nifungue mnyororo nilioufunga kwa makusudi. Swali lenyewe liliomba vitendo vinavyofuatana!

Hapa Juba tuna sababu yetu ya kulitazama jambo hili kwa makini zaidi. Wengi wetu tunafikiri kwa Kiarabu cha Juba kabla ya kufikiri kwa Kiswahili, na Kiarabu cha Juba hakina kiambishi cha namna hii. Kitenzi husimama kikavu, na mfuatano hubebwa na neno la pembeni, mara nyingi "baden". Ndipo mwenzetu anapoandika: "Nilienda sokoni, baadaye nilinunua samaki, baadaye nilirudi, baadaye nilipika." "Baadaye" imetoka kwenye shina lile lile la Kiarabu, na kalamu inaikimbilia kama mtoto anavyomkimbilia ndugu yake. Sentensi hiyo si kosa la sarufi, na nisingemkata alama. Ningemwonyesha tu kwamba kazi ya "baadaye" tatu inaweza kufanywa na -ka- tatu, na kwamba "baadaye" ibaki kwa pale ambapo muda umepita kweli kati ya jambo na jambo. Lakini sasa tazama mkanganyo: tunamwambia huyu atumie -ka- zaidi, halafu mwenzake aliyezitumia tunamwambia zimezidi. Wote wawili watakwenda nyumbani wakiamini kwamba -ka- ni chumvi, ya kutiwa kwa kukadiria.

Ama hoja kwamba sentensi mpya lazima irudi kwenye -li-, mimi nashangaa imetoka wapi, maana kila Jumapili tunasikia kinyume chake. Fungua Mwanzo, sura ya kwanza, katika Biblia ya Kiswahili ya Union ambayo wengi wetu tunayo. Aya ya 1 inafungua kwa -li-. Aya ya 2 inaanza kwa kueleza hali ya nchi, kwa -likuwa. Kuanzia aya ya 3 -ka- inashika usukani, na aya baada ya aya inaanza kwa tendo lenye -ka-, nukta kamili zikipita katikati bila kuukata mnyororo. Asiyependa ushahidi wa kanisani akatazame ngano za Unguja alizozikusanya Edward Steere na kuzichapisha London mwaka 1870, zikiwa zimesimuliwa na Waunguja wenyewe. Au atazame maisha ya Tippu Tip aliyoyasimulia mwenyewe. Humo -ka- hutembea kurasa kwa kurasa. Nukta kamili ni jambo la karatasi, ni mahali pa kuvuta pumzi. Mnyororo hauko kwenye karatasi, uko kwenye matukio.

Kinachoukata kweli ni mambo mengine. Ukihama kutoka siku hadi siku, au ukifungua tukio jipya lisilotokana na lililopita, -li- inarudi, kwa sababu unahitaji injini mpya. Ukitaka kurudi nyuma kueleza jambo lililotangulia yale uliyokwisha kuyasema, -ka- haiwezi, maana yenyewe inakwenda mbele tu. Hapo utasema "alikuwa amekwisha ondoka". Na ukitaka kueleza hali, si tukio, -ka- itakusaliti vibaya. Mwenzangu mmoja alimweleza mwalimu wake wa shule ya msingi hivi: "Alikuwa mrefu, akawa na macho makubwa." Darasa lilicheka bila kujua limecheka nini. "Akawa" ni tendo la kugeuka: mwalimu alikuwa mrefu kwanza, kisha macho yakakua. Alitaka "alikuwa mrefu, mwenye macho makubwa". Kosa hilo ni kubwa kuliko "-ka- nyingi mno", lakini halihesabiwi kwa wingi. Moja inatosha kuharibu.

Nilitaka kuwa na uhakika kwamba sijidanganyi, basi siku moja nilikaa na dereva wa lori kutoka Mombasa aliyekuwa akisubiri kushusha mzigo, nikamwomba anisimulie jinsi gurudumu lilivyompasukia njiani. Alitumia -li- mara moja, "tulitoka Nimule", na baada ya hapo ilikuwa -ka- mtindo mmoja, nikaacha kuhesabu zilipofika kumi na tano. Hakuna hata moja iliyonichosha. Kulikuwa na jambo moja tu lililonikwaza: kila alipojitaja mwenyewe alisema "hamwambia", "hashuka", "hatazama". Rafiki niliyekwenda naye alidhani anakanusha. Kumbe ndivyo Kimvita kinavyoikunja "nika-" ikawa "ha-": hamwambia ni nikamwambia. Ingekuwa kukanusha, mwisho ungebadilika kuwa -i, "hamwambii". Hiyo si sanifu, na sitaiandika kwenye mtihani, lakini inaonyesha jinsi wenye lugha wanavyoitumia -ka- kwa wingi hata wamechoka kuitamka nzima.

Limebaki "nisimwone". Hapa nakubali kwamba "sikumwona" aliyoiandika msahihishaji ni sahihi. Kinachonikera ni shtaka, si badiliko. Sikuchanganya nyakati. -ka- haina ukanushi wake. Hakuna "nikasimwona", wala "sikamwona", na atakayezitafuta vitabuni atapoteza siku. Kiswahili hutumia njia mbili. Ya kwanza ni kutoka nje ya mnyororo na kusema jambo jipya: "nikamtafuta, lakini sikumwona." Ya pili ni kubaki ndani ya mnyororo kwa umbo la -si- lenye -e mwishoni: "nikamtafuta nisimwone", "wakabisha hodi wasijibiwe", "akamwita asiitike". Njia hii ya pili inaufanya ukosefu uwe zao la tendo lililotangulia: nilitafuta, na matokeo ya kutafuta yalikuwa kutoona. Baada yake mnyororo unaendelea kama kwamba haukukatika, "nikarudi". Ukiweka "sikumwona" katikati, "nikarudi" inabaki inaning'inia kidogo, ingawa haianguki. Haya si mapambo ya washairi. Ni namna ya kawaida ya kusimulia kukosa, na sisi ambao kila siku tunasimulia kukosa jambo fulani, umeme, mafuta au jamaa kwenye simu, tunaihitaji.

Kwa nini napiga kelele kwa ajili ya sentensi moja? Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na tangu hapo tunaambiwa Kiswahili kitafundishwa shuleni na watakaokifundisha ni sisi. Tutakaposimama mbele ya darasa la Munuki au Gudele tutafundisha kile wino mwekundu ulichotufundisha. Mtoto aliyejifunza Kiswahili kambini Kakuma, anayesema "ukienda ukamwona" bila kufikiri, atakutana na mwalimu aliyehitimu chuoni atakayemwambia amekosea. Mtoto ndiye atakayekuwa sahihi, na mwalimu ndiye mwenye chaki.

Walimu wangu wataniuliza: basi tusahihishe vipi? Kwa maswali mawili, na yote mawili hayajibiwi kwa kutazama herufi. La kwanza: kitenzi hiki chenye -ka- kimefungwa nyuma ya kipi, na je, hicho kinaweza kukivuta? La pili: je, tendo hili lilikuja kweli baada ya lile, au lilikuwa likiendelea tayari? Swali hili la pili ndilo linalotenga -ka- na -ki-. "Nilimkuta akilia" ni kwamba kilio kilinitangulia. "Nilimkuta akalia" ni kwamba aliponiona ndipo alipoanza. Huwezi kujua ipi ni sahihi bila kujua kilichotokea. Itabidi umuulize mwandishi.

Na kama msahihishaji wangu angeniuliza, angepata kosa langu la kweli, ambalo wino wake ulipita juu yake bila kuligusa. Rudi kwenye sentensi: "nikatoka nyumbani mvua ikanyesha." Nilivyoandika, nilitoka kwanza, ndipo mvua ikaanza. Haikuwa hivyo. Mvua ilianza tangu usiku, nami niliisikia juu ya mabati wakati nachota maji. Nilitoka ikiwa inanyesha, nikalowa kabla hata sijaipata bodaboda. Nilipaswa kuandika "nikatoka nyumbani mvua ikinyesha". Kwa hilo angeweza kunikata alama mbili, hata tatu, na nisingekwenda ofisini kwake.

Nililigundua mwenyewe wiki mbili baadaye, nikiisoma sentensi kwa dada yangu, naye akanikatiza: "Si ulitoka wakati inanyesha?"